Intavyuu Nyuma ya Pazia

Mimi shule niliacha darasa la tano, na sisemi kwa aibu. Nimejenga nyumba ya matofali Malaba, nimelipia mazishi ya wazazi wangu wote wawili pasipo kuchangisha mtu, na kijana wangu nimemsomesha mpaka akavuka bahari. Nilianza na kubeba omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Sio Port, gunia kichwani. Baadaye nikanunua kamera ya picha za pasipoti, nikakaa pale karibu na geti la mpaka, na mtu yeyote aliyetaka kuvuka na makaratasi safi alipita kwangu kwanza. Miaka ya tisini ilipofika katikati, nilikuwa na kamera ya video ya kubeba begani, ile inayomeza mkanda mzima mkubwa. Kutoka Malaba mpaka Busia, harusi ya maana bila mimi haikuwa harusi. Maharusi walinisubiri. Hata mchungaji alinisubiri.

Nataka kueleza habari ya kanda moja tu. Si ya harusi.

Kijana wangu alikuwa Uingereza mwaka wa pili, akisukuma vitanda katika hospitali moja huko. Mama yake alikuwa ameshafariki. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mke wa kijana wangu. Yeye alikuwa muuguzi upande wa Kocholia, anatoka na baiskeli asubuhi na kurudi jioni. Sisi huku, baba mkwe na mke wa mwana hawazoeani. Hatupeani mkono. Hatukai kiti kimoja. Yeye hanitazami usoni na mimi simtazami, tukiongea kila mtu anaongea na ukuta wake. Chakula anakileta mezani, anafunika, anasema, "Baba, chakula," kisha anarudi jikoni, nami nakula peke yangu nikisikia vyombo vyake upande wa pili. Mtu wa mbali anaweza kudhani hayo ni maisha ya upweke. Lakini vile vyombo vilikuwa vinanitosha. Kabla yake, miezi ile baada ya kumzika mke wangu, hakukuwa na chombo kinacholia.

Basi siku moja akaja dukani kwangu, akasimama mlangoni, akaongea na fremu ya mlango.

"Baba, kuna barua."

"Kutoka kwa kijana?"

"Hapana. Ni ile nyumba ya kutunza wazee, huko aliko. Wanataka muuguzi. Wanasema hawawezi kuja huku na mimi siwezi kwenda huko, kwa hivyo wametuma maswali saba. Mtu mmoja ayasome, mimi niyajibu bila kusoma popote, na yote yaonekane kwenye mkanda wa video. Huo mkanda ndio intavyuu yenyewe."

Nikacheka kwa sauti, nikapiga meza. "Mama, umekuja mahali penyewe! Mkanda wa video? Malaba hii? Hiyo kazi ni yako tayari."

Akasema asante, akaondoka. Nikakaa na kile kicheko usoni muda mrefu, halafu nikaelewa nilichokuwa nikichekea. Akichukuliwa, anakwenda kwa mumewe, na ni haki yake. Asipochukuliwa, anabaki. Na mkanda ulikuwa mikononi mwangu.

Barua ilitaka mkanda uwe umetumwa kabla ya mwezi kuisha. Tulikuwa na wiki mbili. Nikasema tupige mara moja ya majaribio, halafu ya kweli.

Ile ya majaribio niliipiga kama ninavyopiga harusi, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Nilimketisha mbele ya kile kitambaa changu cha studio chenye mchoro wa maporomoko ya maji na ndege ikipaa juu yake. Nikawasha taa yangu kubwa, ile inayochoma mpaka keki inayeyuka, nikamwelekezea usoni. Maikrofoni ya kubana kwenye nguo ninayowafungia wachungaji nilikuwa nayo, yenye waya mrefu, lakini nani angembana nayo? Si mimi. Nikaiweka mezani mbele yake. Kamera nikaiunganisha na stima ya ukutani ili nisile betri. Nikasimama nyuma ya kamera, jicho kwenye kitundu, karatasi ya maswali mkononi.

Kiingereza changu ni cha kusikika. Wasafirishaji wa kila taifa wamepita hapa na wote tumeelewana. Nikasoma swali la kwanza kwa sauti ya mshereheshaji.

Alijibu vizuri. Lakini aliijibu sakafu. Sakafu yangu ilikuwa na doa la dawa ya kusafishia picha, na maswali yote alilijibu lile doa. Mimi niliona sawa. Angefanya nini kingine? Jicho langu lilikuwa pale pale kwenye kamera.

Katika swali la nne stima ikapotea. Taa ikafa, kamera ikafa, chumba kikawa giza la mchana. Alishtuka akasimama, kiti kikaanguka. Stima iliporudi alikuwa amesahau alipokuwa amefika, akaanza kuomba msamaha, na sauti yake ikawa nyembamba mpaka mwisho.

Nikamwambia, "Mama, safi kabisa. Hata rais hajapigwa hivyo."

Alipoondoka nikamwita jirani yangu aje kuona. Huyo alikuwa fundi wa nguo, mjane wa kutoka Butula, ambaye cherehani yake ilikuwa kwenye veranda tuliyogawana. Mama wa umri wangu, mwenye mdomo ambao hata madereva wa malori waliuogopa. Nikaweka mkanda, tukatazama.

"Boss," akasema baada ya muda, "huyu msichana ameiba nini?"

"Ameiba nini vipi?"

"Umemwekea taa kama wale wanaohojiwa kituoni. Uso unang'aa kama sufuria. Halafu ndege inatoka kwenye sikio lake."

"Hiyo ni mandhari, wewe mama. Watu wanalipia."

"Wanalipia harusi. Na sauti iko wapi? Anaongea kama aliye ndani ya pipa. Nyuma nasikia breki za lori vizuri kuliko yeye." Akasogea karibu na televisheni. "Na hayo macho. Boss, hata mara moja hajanitazama."

"Hiyo ni heshima. Ulitaka anikodolee mimi, baba mkwe wake?"

"Kwani kazi wewe ndiye unayeitoa? Huko Wazungu hawajui kama kuna mkwe amesimama hapo. Wataona mtu mzima anaulizwa swali, anatazama chini. Watasema huyu anaficha kitu. Mtu wa kuachiwa wazee na dawa zao, anaficha kitu! Watafunga hapo hapo."

Nikamwambia arudi kwa cherehani yake. Akarudi, akiwa anacheka.

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwa siku nne nzima sikumwambia mke wa mwanangu lolote. Nilijua yule fundi amesema kweli, maana nilirudisha mkanda na kuutazama upande wa pembeni, nikiangalia kila kitu isipokuwa uso wenyewe, na hata hivyo nikaona lile doa la sakafu likijibiwa. Ningeweza kuutuma hivyo hivyo. Hakuna ambaye angenilaumu. Adabu yake mwenyewe ndiyo ingemwangusha, na yeye asingejua ni nini kimemwangusha, na kila jioni vyombo vingeendelea kulia jikoni. Nilikula chakula changu siku hizo nne nikijiambia kwamba yeye mwenyewe hajalalamika. Na angelalamikaje? Amwambie baba mkwe, "Toka hapo, unaniharibia"? Hilo neno halina mdomo wa kulitamka.

Siku ya tano nilirudi nyumbani mapema, mchana. Nikamsikia jikoni akiongea Kiingereza. Nikadhani ana mgeni. Kupitia kwa mlango ulioachwa wazi kidogo, nikaona mgongo wake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenyoosha shingo, na mbele yake juu ya rafu, usawa wa macho, kulikuwa na kikombe kimoja. Alikuwa anakiongelesha kikombe. Akimaliza jibu, anatulia, anavuta pumzi, anaanza tena. Mara moja akakosea, akajicheka, akakiambia kikombe kwa Kiswahili, "Samahani, narudia."

Kwa hiyo alijua. Alijua tangu siku ile dukani kwamba alitakiwa atazame mbele, na alikuwa anajifunza peke yake kumtazama mtu asiyekuwepo, kwa sababu aliyekuwepo hakutazamika.

Nikarudi nyuma taratibu mpaka barabarani. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa nguo.

"Wewe mama, nataka pazia."

"La rangi gani?"

"La kunificha mimi."

Hakunielewa, na nilipomweleza hakucheka, jambo ambalo kwake lilikuwa geni. Aliacha suruali ya mtu nusu, akaingia studio, akapima kwa mikono.

Tukafanya kazi siku mbili. Nitaeleza tulivyofanya, maana baadaye watu walikuja kuniomba niwapigie intavyuu kama ile, na wengine waliotaka kunikopi walikosea.

Kwanza mwanga. Taa yangu ya harusi nikaizima nikaisukuma nje. Studio ina dirisha moja kubwa upande wa mashariki, ambalo siku zote nilikuwa nimelifunga; tukalifungua. Tukageuza kiti chake kikaelekea dirisha, kamera ikiwa kando tu ya dirisha, ili mwanga umjie usoni, usimtokee mgongoni. Ukimweka mtu na dirisha nyuma yake atatoka mweusi kama kivuli. Upande uliokuwa na giza, fundi akaning'iniza shuka jeupe, likarudisha mwanga shavuni. Nyuma yake tukaondoa ndege na maporomoko, tukatundika kitambaa cha samawati kilichokolea kidogo, kitupu, hatua mbili kutoka kwa kiti ili kivuli kisimkamate.

Pili sauti. Tulichagua saa tatu asubuhi, kabla mvua ya mchana haijaanza kupiga mabati. Chini ya kiti tukaweka mkeka, na ukuta wa pembeni tukautundikia mablanketi, chumba kikaacha kuitika kama pipa. Maikrofoni ya wachungaji angembana nayo fundi, mwanamke kwa mwanamke, kiganja kimoja chini ya kidevu, ule waya ukapita ndani ya nguo.

Tatu ni lile pazia. Lilikata chumba kando ya dirisha, dirisha likibaki upande wa kiti, zito, la kahawia. Fundi akalitoboa tundu moja akalipindia vizuri kwa uzi. Kamera ikasimama upande wangu juu ya miguu yake mitatu, na lenzi pekee ikatokeza kwenye tundu, usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Upande wake hakuna mtu. Kuna kitambaa na duara moja la kioo.

Na mwisho, mambo yakiharibika. Stima hatukuitegemea tena, maana mwanga ulikuwa wa jua. Kamera ilitumia betri, na betri ya pili ilikuwa imejaa mfukoni mwangu. Redio yangu ya kanda iliwekwa chini ya kiti chake, ikirekodi sauti kando, ili mkanda wa video ukikwama sauti iwepo. Ndani ya bahasha tungetia barua fupi yenye nambari ya simu ya duka langu, kwamba mkanda ukikataa kucheza kwenu, tafadhali pigeni, atajibu maswali yale yale kwa mdomo. Kisha nikampa maagizo nikiwa nimesimama mlangoni, nikiongea na fremu.

"Mama, kesho kitu kikiharibika, wewe usisimame. Usiombe msamaha. Kaa, vuta pumzi, tazama palepale kwenye kioo. Mimi nitakwambia cha kufanya. Hatuendelei kutoka katikati, tunarudi mwanzo wa swali. Sawa?"

"Sawa, baba."

"Na mimi nitakuwa nyuma ya pazia. Sikuoni."

Akauliza, "Hutatazama kwenye kile kitundu?"

"Kamera nitaipanga kabla hujaingia. Fundi atakaa kwenye kiti, nitapima kwake. Wewe ukija, mimi ni sauti tu."

Nilisikia anaminya vidole, vikalia.

Asubuhi ile fundi aliketi kwanza, nikampima, nikafunga miguu ya kamera isisogee, nikaweka mkanda mpya. Kisha nikakaa nyuma kwenye kigoda, hedifoni masikioni, uso kwa ukuta. Nikasikia akiingia, nikasikia fundi akimbana maikrofoni na kumfuta jasho puani. Malori yalikuwa yamepanga foleni ya forodha mpaka mbele ya duka, injini zinanguruma. Fundi akatoka kwenda kuwakabili madereva. Niliwasikia kupitia hedifoni.

"Wewe dereva! Zima hilo."

"Mama, foleni inasogea."

"Inasogea wapi? Tangu jana uko hapo, ndevu zimeota. Kuna mtu ndani anafanya intavyuu ya Ulaya. Zima dakika ishirini."

"Na mimi nipatie hiyo intavyuu!"

"Wewe uso huo wataurudisha forodha. Zima!"

Injini ikazimwa. Ya nyuma yake ikazimwa. Sijui aliwaambia nini wengine, lakini kukatulia kama siku ya mazishi. Nikabonyeza kamera, nikahesabu tano, nikasoma.

Sauti iliyonirudia masikioni sikuijua. Ilikuwa nzito, ya mtu mzima, haikukimbia. Mwaka wa pili nyumba moja, na nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake nzima. Mimi nilikuwa napewa vipande, "Baba, chakula," "Baba, maji ya kuoga." Swali la pili, la tatu, la nne, anajibu na kunyamaza mahali pa kunyamaza.

Katikati ya swali la tano hedifoni ikatoa mkwaruzo, kisha kimya. Mdomo wake ulikuwa bado unaenda, nilimsikia kwa masikio ya kawaida kupitia kwa pazia, lakini kwenye mkanda hakukuwa na kitu. Nilijua mara moja. Ile maikrofoni ina betri ndogo kama kifungo cha shati, inakaa kwenye kikopo kilichoning'inia kwenye waya, kiunoni kwake. Betri imekufa. Mimi, bingwa wa betri, nilikuwa nimejaza za kamera nikaisahau hiyo.

Fundi alikuwa nje na madereva wake. Nikimwita, injini zitawashwa. Nikivuka pazia mwenyewe, kila kitu tulichojenga kwa siku mbili kinaanguka, na mikono yangu inafika kiunoni kwa mke wa mwanangu. Jasho likanitoka. Lakini sauti nikaishusha, nikaongea kama mtu anayeagiza chai.

"Mama, acha jibu hapo. Kaa tu. Hakuna kilichoharibika, ni betri ndogo."

"Ndiyo, baba." Hakusogea. Kiti hakikulia.

Mkoba wa kamera huwa na betri za akiba za kila aina. Nikapata moja, nikaiviringisha sakafuni chini ya pazia mpaka upande wake.

"Iko karibu na mguu wako. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Kwenye waya, kiunoni, kuna kikopo kama kifuniko cha kalamu. Kizungushe kushoto. Toa ya zamani. Ile mpya ina upande wenye alama ya kujumlisha. Huo uingie kwanza."

Mimi nilishika ukuta. Kisha hedifoni ikapasuka kwa sauti ya kidole chake, na halafu pumzi yake, karibu kabisa na sikio langu.

"Baba, nimefunga. Inasikika?"

"Inasikika. Wewe ni fundi kunishinda. Tazama mbele. Narudia swali la tano tangu mwanzo."

Swali la sita lilikuwa: tueleze kuhusu mtu mzima uliyewahi kumtunza nje ya hospitali. Nililisoma bila kufikiri. Halafu akaanza kueleza, kwa kile Kiingereza chake kilichonyooka, na mimi nilisema Kiingereza changu ni cha kusikika, nilisikia. Alisema alipoolewa alimkuta mzee aliyefiwa na mkewe, mtu mwenye maneno mengi mbele ya watu, ambaye nyumbani alikuwa hali chakula. Alisema kwa desturi yao hakuweza kukaa naye wala kumuuliza kitu. Kwa hiyo alikuwa akiacha mlango wa jikoni wazi kidogo na kuosha vyombo kwa kelele, hata vilivyo safi, ili mzee asikie kwamba kuna mtu. Alisema baada ya wiki kadhaa sahani zilianza kurudi tupu.

Sikujua kama nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nilisahau kusoma, mpaka akasema taratibu, "Baba, la saba."

Nikasoma la saba.

Tulipomaliza fundi akaingia, akauweka mkanda kwenye mashine aukague. Mimi niligeuka, nikasikiliza sauti tu. Nilikuwa nimesema simwoni, na mkanda nao ni kuona. Fundi alikaa mbele ya televisheni dakika zote bila kuongea.

"Eh?" nikamwuliza.

"Ananitazama mimi," akasema. "Boss, huyu mtoto ana macho mazuri."

Nikatengeneza kopi, nikafunga ule wa kwanza kwenye boksi na magazeti, kanda ya redio kando, barua ya simu juu. Nikaupeleka posta mwenyewe. Sikumtuma mtu. Kutoka dukani hadi posta si mbali, lakini siku hiyo nilisimama mara mbili njiani, nikiwaambia watu waliouliza kwamba ni mkanda wa Uingereza, kazi zangu sasa zinatazamwa Uingereza. Karani akaupima, akaugonga muhuri, akautupa kwenye mfuko. Nikabaki nimeshika kaunta.

Wiki zikapita. Simu ya duka ililia asubuhi moja nikiwa nampiga mtu pasipoti. Mwanamke, Kiingereza cha puani. Nikadhani mkanda umekataa. Akauliza kama anaweza kuongea na mke wa mwanangu, akataja jina lake, akalivunja vunja. Nilikuwa na majibu mengi mdomoni, na moja lilikuwa rahisi sana: hayupo. Lilikuwa hata kweli.

Nikamwambia yuko kazini, apige saa kumi, atakuwa hapa. Nikamwambia mkanda nimeupiga mimi. Akasema, oh, ulikuwa wazi sana. Nikasema, najua.

Nikamtuma mtu wa baiskeli Kocholia. Kisha nikakaa na ile simu. Waliokuja kuomba kupiga nikawafukuza, hata diwani wetu nilimfukuza. Saa kumi kasoro alifika akiwa na nguo za kazi, vumbi mpaka magotini. Nikatoka nje nikakaa kwenye veranda na fundi, tukisikia mlio, tukisikia sauti ile nzito ikisema ndiyo, ndiyo, asante.

Akaja mlangoni.

"Baba," akaiambia fremu, "wamenichukua."

"Ulitegemea nini?" nikasema. "Nani alipiga mkanda?"

Fundi akapiga vigelegele mpaka foleni ya malori ikageuka. Nilitaka kuuliza ni lini. Mteja wa pasipoti alikuwa bado amekaa ndani tangu asubuhi, maskini, nilikuwa nimemsahau. Nikaingia kummalizia.

Aliondoka kabla ya mvua ndefu. Alfajiri ile alikuwa ameosha kila chombo na kukipanga kwenye rafu, na vikombe vyote alikuwa amevigeuza midomo chini.